Kamera Iliyotoka Dubai na Karatasi Yake



Wiki iliyopita kikundi kimoja cha wamama wa Kabambare kilinitumia ujumbe wa sauti. Wamekusanya dola 450 katika likelemba yao, na wanataka kununua kamera ya kupigia picha za ndoa, ubatizo, Idi na karte za wanafunzi. Rafiki yao mmoja anasafiri mwezi ujao kwenda Dubai kuchukua vitambaa. Wakaniuliza: "Mama, tumwambie anunue gani? Na garanti yake itatufaa huku kwetu?"

Nilianza kuwajibu kwa sauti, nikaona maneno ni mengi. Tena najua vikundi vingine hapa Kasongo vina mpango kama huo. Kwa hiyo ninaandika hapa yaliyotupata sisi, kwa sababu sisi tulinunua kamera mara mbili kwa mkono wa rafiki yuleyule, na mara ya kwanza karibu tumpoteze yeye pamoja na makuta yetu.

Mara ya kwanza tulimwambia maneno matatu tu: "Nunua kamera nzuri." Ndiyo oda yote. Alikuwa na mabunda ya vitenge, alikuwa na viatu vya watu, na siku ya mwisho kabla ya ndege akaingia duka moja, akauliza kamera nzuri, akapewa moja ya kampuni kubwa ya Wajapani kwa bei ambayo hata mimi ningefurahi. Alipofika Kasongo tulicheza. Kamera ilikuwa mpya kabisa, na picha zake safi.

Jambo la kwanza tuliloliona ni lugha. Dada anayepiga picha kwetu anasoma Kifaransa vizuri, Kiingereza hapana. Akafungua orodha ya lugha ndani ya kamera ili aweke Kifaransa. Zilikuwa mbili tu: Kijapani na Kiingereza. Tukadhani ni jambo la kuomba kwa fundi, aongeze. Fundi alisema haiwezekani, kamera imetoka kiwandani hivyo. Basi dada akajifunza kwa kukariri: bonyeza hapa, shuka mara tatu, bonyeza tena. Tulicheka, hatukuelewa kwamba kamera yenyewe ilikuwa inatuambia mahali ilipotoka.

Mwezi wa nne, katika harusi moja upande wa Salamabila, ikakwama. Kioo cha nyuma kikaandika kosa, na kila ukibonyeza unasikia mlio mdogo bila picha. Haikuanguka, haikunyeshewa. Tulitoa batri, tukarudisha, tukabadilisha kadi ya kumbukumbu, tukajaribu lensi nyingine. Kosa lilelile. Harusi ile tulimaliza kwa simu, na bwana harusi alilipa nusu, nami sikumlaumu.

Tukakumbuka garanti. Ndani ya kartoni kulikuwa na karatasi nzuri, yenye muhuri mwekundu, imeandikwa Kijapani chote. Rafiki yetu alipoenda tena Dubai, miezi miwili baadaye, akabeba kamera ile na karatasi ile. Alikwenda kwanza dukani. Wakamwonyesha nyuma ya faktire: garanti ya duka, miezi mitatu. Imekwisha. Akaenda kwa mafundi rasmi wa kampuni yenyewe. Wakaipokea vizuri, wakasoma namba iliyo chini ya kamera, wakamwambia kwa adabu kwamba kamera hii iliuzwa kwa ajili ya soko la Japani na garanti yake inafanya kazi Japani. Wao wanaweza kuitengeneza kwa malipo, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya kamera mpya. Akairudisha nyumbani kama alivyoipeleka.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama mmoja alisema rafiki yetu amenunua kamera ya bei ya chini na kuweka tofauti mfukoni. Mwingine alisema ni ya wizi. Yeye alilia mbele ya kikundi kizima, mtu mzima mwenye wajukuu. Ilichukua muda mrefu hadi tukubali ukweli: hakuibiwa na hakuiba. Duka lilimwuzia kitu halisi kwa bei ya haki. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomtuma bila kumwambia anunue kamera ya nchi gani.

Ndiyo, kamera ina nchi. Hili ndilo jambo ambalo mimi nilikuwa silijui. Kampuni inatengeneza mashine moja, kisha inaigawa kwa masoko: hii ya Japani, hii ya Amerika, hii ya Asia, hii ya Ulaya na Afrika na nchi za Waarabu. Mashine ndani ni moja. Kinachobadilika ni jina, lugha zilizowekwa, chaja na waya wake, lensi inayofungwa pamoja nayo, na zaidi ya yote ofisi gani itakubali kuitengeneza bure ikiharibika. Wafanyabiashara wa Dubai wananunua kutoka kila upande, popote bei iliposhuka, kwa hiyo katika kabati moja ya kioo unaweza kuona ndugu watatu wa mama mmoja, kila mmoja na kitambulisho cha nchi yake. Si magendo na si bandia. Ila kampuni yenyewe haikukusudia ziuzwe pale, na ndiyo maana mara nyingi zina bei nafuu.

Mfano mzuri, kwa sababu ndiyo tuliyonunua mara ya pili, ni kamera ya Canon iliyotangazwa mwaka 2018. Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika inaitwa EOS 2000D. India na nchi za jirani zake za Asia inaitwa EOS 1500D. Amerika inaitwa EOS Rebel T7. Japani inaitwa EOS Kiss X90. Ni kamera moja, picha zake zina ukubwa uleule, batri yake ni ileile LP-E10. Mtu akikuambia T7 ni bora kuliko 2000D, anakuuzia jina. Lakini jina lililoandikwa mbele ya kamera linakuambia mara moja imetoka soko gani. Ukiona Kiss, hiyo ni ya Japani, na kwa kawaida hizo Kiss zina Kijapani na Kiingereza tu. Kwa mama wa Kasongo anayesoma Kifaransa, hiyo peke yake inatosha kuirudisha kabatini.

Mara ya pili tulijipanga. Rafiki yetu alikubali kwenda tena kwa ajili yetu, jambo ambalo si kila mtu angelifanya. Akaweka sharti moja: atakapokuwa dukani, mimi niwe kwenye simu, na kila kitu nikione kwa picha kabla hajalipa, ili lawama tugawane. Siku hiyo nilikaa tangu asubuhi pale juu mtandao unapopatikana vizuri. Yeye alikuwa Bur Dubai, mtaa wa Al Fahidi, ambako maduka ya vyombo vya umeme yamefuatana mlango kwa mlango.

Duka la kwanza lilimpa bei mbili kwa kamera moja. Ya kwanza dola 435, ya pili dola 370. Muuzaji akasema ni sawasawa, tofauti ni garanti tu. Nilimwomba rafiki yangu apige picha kartoni zote mbili, pande zote, na maneno yote yasomeke.

Kwenye kartoni ya dola 435 palikuwa na karatasi ndogo iliyogandishwa: `Middle East Version`. Ile ya dola 370 muuzaji aliiita `International Version`. Maneno haya mawili mtakutana nayo sana Dubai, hata kwenye maduka ya simu. La kwanza maana yake bidhaa imeingizwa na wakala wa kampuni kwa ajili ya nchi zile, na garanti yake ni ya kampuni, katika ofisi zake za upande ule. La pili linasikika kama kubwa zaidi, kana kwamba garanti inafanya kazi dunia nzima. Mara nyingi ni kinyume: maana yake bidhaa imetoka soko lingine, na garanti unayopewa ni ya duka lenyewe. Neno hilo ndilo lililotudanganya masikio mara ya kwanza. Kwa hiyo usiulize, "Ina garanti?" Wote watasema ndiyo. Uliza, "Garanti ni ya nani, ya duka au ya kampuni? Na ikiharibika naipeleka mlango gani?" Kisha majibu yaandikwe kwenye faktire.

Bado tofauti ya dola 65 ilinisumbua, ilikuwa kubwa mno kwa karatasi. Nikamwomba afungue kartoni na kupiga picha lensi kwa mbele, kwenye duara lenye maandishi. Ile ya dola 435 iliandikwa `EF-S 18-55mm` na mwishoni `IS II`. Ile ya dola 370 iliandikwa `EF-S 18-55mm` na mwishoni `III`. Mtu asiyejua angedhani tatu ni mpya kuliko mbili, na muuzaji ndivyo alivyosema. Lakini herufi IS ndizo zenye thamani. Ni kifaa ndani ya lensi kinachotuliza mtetemeko wa mkono, ili picha ya jioni isitoke na ukungu. Lensi ya `III` haina kifaa hicho. Canon inauza kamera hii katika mafungu tofauti, na ile yenye lensi bila IS ni ya bei ya chini. Sisi tunapiga harusi usiku kwa taa za jenereta. Kwa hiyo ile dola 65 haikuwa ya garanti tu, sehemu yake ilikuwa ya lensi. Rafiki yangu akauliza tena: ile ya `International Version`, lakini yenye lensi ya IS II, bei gani? Muuzaji akatabasamu, akaleta kartoni nyingine: dola 400. Sasa ndiyo tulikuwa tunalinganisha vitu vilivyo sawa. Bei halisi ya garanti ya kampuni ilikuwa dola 35.

Wamama, hapa nawaomba msimame kidogo, maana ndilo swali la Kabambare. Dola 35 kwa garanti ya kampuni: tununue au tuache?

Garanti haisafiri hadi kwetu. Hakuna mlango Kasongo wala Kabambare ambapo utapeleka kadi ile na kamera ikapokelewa. Garanti inaishi mahali pale iliponunuliwa, na sisi tunaifikia kwa miguu ya mtu anayesafiri. Kwa hiyo kwanza hesabu safari za mtu wenu, halafu ndiyo utazame karatasi. Rafiki yetu anakwenda Dubai mara mbili kwa mwaka, wakati mwingine mara tatu. Kadi ilisema mwaka mmoja. Maana yake, ndani ya mwaka ule angepita mbele ya mlango wa garanti walau mara moja, pengine mara mbili. Kwetu dola 35 ilikuwa na maana. Ingekuwa ni mtu anayekwenda mara moja katika maisha yake, ningesema chukua ile ya dola 400, na ile 35 iweke ndani ya sanduku la kikundi kwa ajili ya fundi.

Na kama mtu wenu hasafiri Dubai bali anashuka Kalemie, anavuka ziwa hadi Kigoma na kwenda Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu, basi kamera ya Dar kwa wakala wa kampuni, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo, ina garanti iliyo karibu nanyi kuliko ya Dubai. Mwenye ndugu Ubelgiji naye ana faida yake: katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inamfunga muuzaji mwenyewe kwa miaka 2, ikiwa kitu kilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Lakini ndugu huyo ndiye awe jina kwenye faktire, na kamera irudi kwake ikiharibika. Kwa walio na ndugu Amerika nasema wawe waangalifu zaidi. Nikon ya Amerika, kwa mfano, imesema wazi kwamba kamera iliyoingia kule kwa njia za pembeni haitaitengeneza, hata ukitaka kulipa. Mtu anaweza kununua kule kule Amerika, katika duka la mtandao lenye bei nzuri, akapata kamera ya soko lingine bila kujua.

Jambo la pili katika hesabu ni lile ambalo garanti inalipia. Inalipia kasoro ya kiwanda. Hailipii kuanguka, maji, mchanga, wala umeme uliozidi. Sasa fikirini kamera zetu zinakufa kwa nini. Zinakufa kwa vumbi jekundu la barabara ya Kasongo na Kabambare, juu ya pikipiki, ndani ya mfuko wa kitambaa. Zinakufa kwa jenereta inayopanda na kushuka wakati wa chaja. Hayo yote fundi wa kampuni akifungua anayaona, na karatasi inakuwa bure. Kilichobaki ni kasoro ya kiwanda, na hiyo mara nyingi inajionyesha mapema, kamera ikitumiwa kwa nguvu. Ndiyo maana mimi naamini usiku wa kwanza hotelini una faida kuliko mwezi wa kumi wa garanti.

Rafiki yetu tulimwomba asinunue siku ya mwisho. Alinunua siku ya tatu ya safari, zikabaki siku nne. Kwenye faktire muuzaji aliandika kwamba kamera ikionyesha kasoro ndani ya siku tatu inabadilishwa, sharti kila kitu kiwe ndani ya kartoni. Basi usiku ule, badala ya kulala, alipiga picha zaidi ya mia mbili za chumba, za dirisha, za miguu yake mwenyewe. Alipiga flashi mara ishirini. Alipiga video ya dakika kumi. Alizungusha lensi kutoka mbali hadi karibu, akasikiliza kama kuna mkwaruzo. Alipiga picha ya ukuta mweupe, akaikuza kwenye kioo kuona kama kuna doa linalorudi mahali palepale katika kila picha, maana hilo ni uchafu ndani. Alipiga nyingine na mfuniko wa lensi ukiwa umefungwa, picha nyeusi tupu, kutafuta nukta za rangi zinazowaka. Asubuhi akanitumia sauti: "Dada, macho yananiuma, lakini mtoto ni mzima."

Kulikuwa na kasoro moja, tena ndogo: waya wa chaja. Dubai prizi zao ni za meno matatu manene ya pembe nne, kama za Waingereza. Zetu ni za meno mawili ya duara. Hapa watu wengi wananunua kiunganishi cha bei rahisi ambacho kinalegea na kutoa cheche. Kumbe chaja ya kamera hii, aina ya LC-E10E, waya wake unachomoka, na upande wa chaja una tundu lenye umbo la namba nane, sawa kabisa na redio nyingi zetu. Tulichukua waya wa redio ya zamani, ukaingia. Chaja za Amerika, LC-E10 bila E ya mwisho, zina meno bapa yanayokunjwa na hazina waya. Hizo ndizo zitawalazimu kutafuta kiunganishi. Zaidi ya umbo la meno, soma kijikaratasi cha chaja. Kikisema `INPUT 100-240V`, inavumilia umeme wa kwetu na wa kwao. Ukikuta chaja ya kitu chochote inayosema 100V au 120V peke yake, usiichomeke kwenye jenereta yetu ya 220, itafuka moshi.

Kuhusu video kuna neno dogo. Ndani ya orodha ya kamera mtakuta PAL na NTSC. Weka PAL, kwa sababu taa zetu zinapigwa na umeme wa mapigo 50, na ukiacha NTSC video ya usiku inaweza kucheza mistari. Katika kamera hii unabadilisha mwenyewe. Muulize muuzaji aonyeshe kama inabadilika, ni kazi ya nusu dakika.

Sasa karatasi. Kamera ina namba yake chini ya tumbo. Namba hiyohiyo iko kwenye kijikaratasi cha kartoni, na inapaswa kuandikwa kwenye kadi ya garanti na kwenye faktire. Lensi nayo ina namba yake, tofauti. Rafiki yetu alisoma namba moja baada ya nyingine kwa sauti, nami nikaandika kwenye daftari la kikundi. Katika duka la pili, siku hiyohiyo, alikuta kartoni yenye namba moja na kamera yenye namba nyingine. Labda walichanganya tu wakati wa kuwaonyesha wateja. Lakini kadi hiyo ingekuwa ya kamera ya mtu mwingine. Aliirudisha bila maneno.

Wasafiri wetu wanatupa kartoni ili kupata nafasi ya vitenge. Nawaelewa, kilo ni pesa. Basi akate ule upande wenye namba, auweke bapa ndani ya kitabu pamoja na faktire na kadi, na apige picha zote tatu kabla hajaondoka hotelini. Faktire za kule zinachapwa kwa wino unaofifia kwa joto. Ya kamera yetu ya kwanza, ilipofika mwezi wa sita, ilikuwa nyeupe kama karatasi ya kuandikia; tulijua ni miezi mitatu kwa sababu duka lilitunza nakala yake. Na batri ya akiba iwe ndani ya mkoba anaoingia nao kwenye ndege, si katika mzigo wa chini, vinginevyo inaweza kutolewa na kubaki uwanjani. Siku ikibidi kuirudisha kamera kwa garanti, peleka kamera, faktire na kadi. Kadi ya kumbukumbu, mkanda na batri ya akiba vibaki nyumbani, maana vitu vidogo vinapotea mikononi mwa watu wengi.

Canon wana ofisi yao ya Mashariki ya Kati Dubai, na tangu 2016 wana idara ya Afrika ya Kati na Kaskazini inayoongozwa kutoka hapohapo. Kwa hiyo mtu wa kwetu akifika kule na kadi ya upande ule, hatazamwi kama mgeni aliyepotea njia. Hilo nalo liliingia katika uamuzi wetu wa kuchagua jina la 2000D, wala si kwa sababu picha zake zinashinda za kampuni nyingine.

Wamama wa Kabambare, jibu langu ni hili. Mwulizeni rafiki yenu atarudi Dubai lini. Kama ni kabla ya mwaka kwisha, mpeni dola 435 na majina haya yaliyoandikwa kwa mkono: EOS 2000D, lensi `IS II`, kartoni ya `Middle East Version`, Kifaransa kionekane kwenye kioo kabla hajalipa. Dola 15 zinazobaki ni za kadi ya kumbukumbu. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo mpeni pia ruhusa ya kuacha, arudi na makuta yenu badala ya kuleta kamera msiyoitaka. Kama hajui atarudi lini, achukue ya `International Version` yenye lensi ileile, aijaribu usiku wa kwanza, na tofauti ya bei aje nayo. Vyovyote, mmoja wenu awe kwenye simu siku ya kununua. Msimwache peke yake mbele ya kabati.

Kamera yetu ya pili imepita mwaka sasa. Imeshapiga harusi sijui ngapi, na karte za shule mbili nzima. Garanti ilikwisha mwezi wa tisa bila kutumiwa hata mara moja. Katika mkutano wetu mama mmoja, yuleyule aliyesema maneno makali mara ya kwanza, aliuliza kama zile dola 35 hazikupotea bure. Tulibishana hadi chai ikapoa. Rafiki yetu alikaa kimya, akakunja kadi ile, akaipachika katikati ya daftari la kikundi, kwenye ukurasa wa namba.